Mradi wa mchele wa watu wawili na akaunti ya pamoja: kila gunia tumeuza kwa faida ila hesabu inaniletea hasara laki 2 na nusu, hela imeenda wapi?

Duka_la_Kona:
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie maana nimekaa na kalkuleta siku 2 na sasa nimeanza kumfikiria vibaya mtu ambaye tumetoka nae mbali.

Iko hivi, mimi nina duka la nafaka Dar na nauza jumla pale Tandale, mwenzangu yuko Ubaruku kule Mbarali anakusanya mchele. Tukasema badala ya kila mtu kuhangaika kivyake tufanye mzigo mmoja pamoja, ukiisha tunagawana, na faida nusu kwa nusu, hasara nusu kwa nusu. Tukafungua akaunti ya pamoja ya huu mradi tu, kutoa hela mpaka tusaini wote wawili. Mimi niliweka milioni 15 yeye akaweka milioni 9, jumla 24.

Kwenye hiyo akaunti tukanunua gunia 100 za kilo 100, kila moja 190,000, hapo ni milioni 19. Magunia, ushuru, wapagazi, stoo, vyote 1,200,000 navyo vikatoka humo humo. Lori lilikuwa na nafasi, mwenzangu akasema ana gunia 20 stoo kwake tuziongeze ili gari lijae, nikakubali. Nauli ya lori 1,800,000 niliilipa mimi mfukoni maana dereva alitaka kesh usiku ule na benki imefungwa.

Mzigo ukafika, gunia 2 zimelowa tukazitupa kwa laki moja moja, zilizobaki bei ya jumla 235,000. Hela zote ziko benki. Leo steitimenti inasoma 29,350,000, hapo makato ya benki 30,000 walishakata.

Sasa angalieni. 29,350,000 toa mtaji wetu 24,000,000 inabaki 5,350,000. Mwenzangu alivyoona hiyo akafurahi, akasema faida hiyo tugawane. Nikamwambia subiri, nirudishie kwanza nauli yangu 1,800,000, ikabaki 3,550,000. Na yeye akasema kama ni hivyo basi gunia zangu 20 nazo zilipwe, 3,800,000. Ukitoa hiyo ni hasara 250,000!! Gunia limetufikia kwa kama 215,000 tumeuza 235,000, hasara inatoka wapi? Nahisi kuna kitu kule Ubaruku hakikuwa sawa, labda bei ya kununulia haikuwa 190.

Mtoto_wa_Mang'ola:
Pole mkuu, hapo umeshapigwa. Mimi nilifanya vitunguu na jamaa wa Karatu, kila mzigo ananiambia bei shambani imepanda, kumbe anakula elfu 5 kila gunia. Mtu wa shambani siku zote anajua bei wewe hujui. Nenda kaulize bei ya siku ile kwa mtu mwingine kabisa.

Bi_Hesabu:
Kaka Duka la Kona, kabla hujamgusa mwenzako naomba jibu moja tu. Gunia zilizotoka Ubaruku ni 100 na 20, yaani 120. Zilizouzwa Tandale ni ngapi?

Duka_la_Kona:
Bi Hesabu, zilizouzwa kwa bei nzuri 108, na zile 2 zilizolowa. Hela ni 25,580,000, iliingia yote benki, karatasi za kuwekea hela ninazo. Za mwisho kama gunia 20 wateja walilipa kwa lipa namba yangu ila kesho yake nikatoa nikaweka.

Bi_Hesabu:
108 na 2 ni 110. Gunia 10 ziko wapi?

Duka_la_Kona:
Zile nilishusha dukani kwangu za kuuza rejareja. Ila hizo mwenzangu anajua, nilimwambia siku hiyo hiyo kwa simu, akasema chukua tu.

Mpiga_Debe_Mstaafu:
Hahaaa jibu limepatikana. Samahani mkuu sikucheki wewe, nimefurahi tu kwamba rafiki yako hajaiba.

Bi_Hesabu:
Ndo hapo kaka. "Chukua tu" haina maana ni zawadi, ina maana mradi umekuuzia wewe, na wewe hukuweka hela benki. Kwa bei ya jumla ya siku ile gunia 10 ni 2,350,000. Ongeza hiyo kwenye hasara yako ya 250,000 unapata faida 2,100,000. Hakuna aliyekula hela Ubaruku.

Mimi nimetunza vitabu vya wafanyabiashara wa nafaka zaidi ya miaka 15 na hili kosa nakutana nalo kila msimu. Watu wakishafungua akaunti ya pamoja wanaona imetosha, wanaamini benki ndo itawaambia faida. Benki inajua kilichoingia na kutoka benki tu. Nauli uliyolipa mfukoni haijui, gunia 20 za mwenzako haizijui, gunia 10 za kwako haizijui. Kwa hiyo unahitaji kurasa 3 kwenye daftari mbali na ile steitimenti: ukurasa wa mradi wenyewe, ukurasa wako na ukurasa wake.

Ukurasa wa mradi unabeba kila kilichotumika kwa ajili ya mzigo, bila kujali kimetoka mfuko gani, na upande wa pili kila kilichopatikana, bila kujali kimeenda kwa nani. Nakuandikia wa kwenu:

Gharama:
Mchele gunia 100 (benki) 19,000,000
Mchele gunia 20 za mwenzako 3,800,000
Magunia, ushuru, wapagazi, stoo (benki) 1,200,000
Nauli, umelipa wewe 1,800,000
Makato ya benki 30,000
Jumla 25,830,000

Mapato:
Mauzo yaliyoingia benki 25,580,000
Gunia 10 ulizochukua wewe 2,350,000
Jumla 27,930,000

Faida 2,100,000, kila mtu 1,050,000.

Sasa ukurasa wako. Uliweka milioni 15, ukalipa nauli 1,800,000, faida yako 1,050,000, halafu toa mchele uliochukua 2,350,000. Unachodai ni 15,500,000. Wa mwenzako: aliweka milioni 9, mchele wake 3,800,000, faida 1,050,000, anadai 13,850,000. Jumlisha hizo mbili.

Duka_la_Kona:
29,350,000. Sawasawa na benki mpaka shilingi. Dada nimekaa chini.

Naona aibu kusema ila nilishamwandikia meseji mbaya jana usiku.

Mtoto_wa_Mang'ola:
Sawa kwa hapo nakubali, ila bado na karatasi za ununuzi muombe, mimi nisingelala bila kuziona.

Bi_Hesabu:
Karatasi muombe ndio, na yeye akuombe za mauzo, hilo halina ubaya wowote kati ya watu wazima wanaofanya kazi pamoja. Kaka Duka la Kona yeye mwenyewe anasema ana karatasi zote za benki, basi ampigie picha amtumie.

Lakini kuna jambo nataka mlishike wote mnaosoma. Watu wanafundishwa kwamba kurasa za wabia zikijumlishwa zikalingana na benki basi kila kitu kipo sawa. Si kweli. Chukua ile hesabu ya kaka ya hasara 250,000. Yeye: 15,000,000 na nauli 1,800,000 toa nusu ya hasara 125,000 ni 16,675,000. Mwenzake: 9,000,000 na 3,800,000 toa 125,000 ni 12,675,000. Jumla? 29,350,000. Inalingana na benki vilevile! Na ni hesabu mbovu, mwenzake angekuwa ameumia 1,175,000. Kitu ambacho hakijaandikwa popote hakiharibu mlingano, kinapotea kimya kimya. Ndo maana swali langu la kwanza halikuwa la hela, lilikuwa la magunia. Hesabu gunia zilizoingia na zilizotoka kwanza, 120 lazima ziwe 108 na 2 na 10, zikishatimia ndo ushike kalkuleta.

Mwanasheria_Wa_Mtaa:
Mimi nina hoja nyingine. Mtoa mada ameweka milioni 15 mwenzake 9. Kama hamkuandikiana mkataba basi faida inatakiwa igawanywe kwa mtaji, yaani 5 kwa 3, sio nusu kwa nusu. Unajipunja mkuu.

Bi_Hesabu:
Hapana, soma vizuri alichoandika, walikubaliana nusu kwa nusu tangu mwanzo, na makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano. Na hata wangekuwa hawajasema chochote, Sheria ya Mikataba Sura ya 345 ina sehemu nzima ya ubia, na humo wabia wasipokubaliana vingine wanagawana faida sawa kwa sawa na hasara sawa kwa sawa, haijalishi nani aliweka nyingi. Watu wengi wanaumia hapa, ukitaka mtaji wako mkubwa uhesabike useme mapema.

Mwanasheria_Wa_Mtaa:
Hapo kwenye sheria uko sahihi nimekumbuka. Ila mzigo mmoja wa mchele nao unaitwa ubia kisheria au ni biashara ya mara moja tu? Hilo mimi naona linabishaniwa.

Bi_Hesabu:
Hilo nakuachia wewe, mimi ni wa daftari.

Mama_Chapati_Moro:
Jamani mimi akaunti ya pamoja ilinitesa, na mume wangu tulifungua kila mtu anaweza kutoa peke yake, siku naenda kulipa ada nakuta elfu 12. Mbadilishe hiyo akaunti haraka sana.

Mpiga_Debe_Mstaafu:
Mama hapa ni ya biashara na wao wameweka sahihi mbili, hakuna anayeweza kutoa peke yake. Ila pole sana kwa hilo la ada.

Ila kweli sahihi mbili nazo zina shida yake, na mtoa mada ameionja bila kujua. Nauli aliitoa mfukoni kwa sababu mmoja yuko Dar mwingine Mbeya, na gari halisubiri. Mimi na kaka yangu tulipofanya mahindi tulitenga hela ndogo kabla, laki 5 kwa kila mtu, inatoka benki kwa sahihi zote inaandikwa kwenye ukurasa wa mtu kwamba anayo mkononi, akitumia analeta risiti inahamia kwenye gharama za mradi, iliyobaki anairudisha. Bila hivyo utalipa mfukoni leo elfu 20 kesho elfu 50 na mwisho husemi tena unadai ngapi.

Duka_la_Kona:
Hili la hela ya mkononi nimelichukua. Kweli kuna vi elfu kumi kumi vya vijana wa kushusha nilitoa sikuandika, nishavisamehe.

Sasa Bi Hesabu kuna kitu kinanisumbua. Zile gunia 20 za mwenzangu alinunua wakati wa mavuno kwa 150,000, mwenyewe aliniambia. Mradi umemlipa 190,000. Hapo si amepata faida yake pembeni ya elfu 40 kila gunia, jumla laki 8, kabla hata ya kugawana?

Kijana_ECA:
Hapa inategemea, sisi tulivyosoma advansi mbia akileta mali kutoka stoo yake inaingia kwa gharama aliyonunulia. Kwa hiyo 3,000,000. Faida ya mradi inakuwa 2,900,000, kila mtu 1,450,000. Mtoa mada anapata 15,900,000 mwenzake 13,450,000. Tofauti laki 4.

Bi_Hesabu:
Kijana hesabu yako ya kugawa iko sawa kabisa, ila kanuni umeikariri nusu. Inaingia kwa bei waliyokubaliana. Kwenye mitihani wanakuandikia bei ndo maana unaona kama haina mjadala. Huku mtaani bei ni maongezi ya watu wawili.

Na tuangalie haki. Mwenzako alibeba huo mchele stoo kwake miezi, hela yake imelala, panya, unyevu, bei ingeweza kushuka. Siku mnapakia angeweza kumuuzia mtu yeyote pale Ubaruku kwa 190,000 na msingekuwa na la kusema. Faida ya kutunza ni yake, faida ya kuanzia pale lori lilipoondoka ndo yenu wote. Mimi ningeandika 190,000.

Halafu kaka, kipimo unachompimia mwenzio na wewe kikupime. Gunia zako 10 tumeziandika 235,000, bei ya soko siku unazichukua. Ukitaka za kwake ziwe kwa bei ya kununulia, na yeye atasema za kwako tuziandike vipi?

Mkaanga_Sumu:
Si ndo hapo! Na yeye dukani anauza kilo 2,700, hizo gunia 10 zimempa 2,700,000. Ile 350,000 ya juu nayo igawanywe kwani mchele ulikuwa wa wote.

Bi_Hesabu:
Hapana mpendwa. Mradi wao ni wa kuuza jumla. Alipochukua kwa bei ya jumla mchele ukawa wake, kodi ya duka, umeme, kijana wa kupima, mchele wa kumwagika chini, vyote anabeba yeye. Angeuza kwa hasara usingemdai mwenzake amchangie.

Mtoto_wa_Mang'ola:
Na gunia mbili zilizolowa? Hapo hasara kama 270,000 imekaa kimya tu. Aliyetafuta lori ni mtoa mada, turubai lilikuwa bovu, abebe yeye.

Duka_la_Kona:
Turubai lilitoboka njiani kaka, mvua ilitukuta Kitonga, mimi nilikuwa Dar. Lori tulichagua wote.

Bi_Hesabu:
Basi ni ya mradi. Na haihitaji mstari wake peke yake, gharama ya gunia hizo tayari iko juu kwenye mchele ulionunuliwa na laki 2 zilizopatikana ziko kwenye mauzo, kwa hiyo hasara yake imeshakula faida na kila mmoja amebeba nusu. Ingekuwa tofauti kama mmoja kaharibu kwa uzembe wa wazi na mmekubaliana alipe, hapo unaandika kwenye ukurasa wake kama vile kachukua mali.

Swali kwako kaka. Ile bei ya gunia 20 mliongea nini hasa siku mnapakia? Tafuta wasapu.

Duka_la_Kona:
Nimetafuta. Alituma sauti, anasema "naongeza zangu ishirini gari lijae, bei tutaongea". Na mimi nikajibu "poa". Basi. Hatukuongea tena.

Mwanasheria_Wa_Mtaa:
Hapo hakuna bei. Kila mtu ana hoja.

Kijana_ECA:
Tugawe katikati 170,000 yaishe?

Mpiga_Debe_Mstaafu:
Kijana hayo waamue wao, sisi tunawagawia hela zisizo zetu.

Bi_Hesabu:
Msikwame kwa laki 4 mkaacha milioni 29 zimelala wakati mchele unapanda. Fanyeni hivi. Wewe kwa hesabu zote mbili, ya 190 na ya 150, hupati chini ya 15,500,000. Yeye kwa hesabu zote mbili hapati chini ya 13,450,000. Jumla 28,950,000, hizo hazina ubishi, toeni. Zinabaki laki 4 kamili, ndizo mnazobishania, ziacheni humo humo kwenye akaunti. Sahihi ni mbili, hakuna wa kuzigusa mpaka mkubaliane.

Na mkishakubaliana akaunti isome sifuri na kurasa zenu wote zisome sifuri, ndo mradi umefungwa. Mzigo mwingine mnaanza daftari jipya. Nawaomba msiunganishe mizigo, mtu akianza kusema "hizo tutakatana kwenye mzigo ujao" baada ya miezi 6 hamtajua ipi ni ipi.

Mpiga_Debe_Mstaafu:
Naongezea, kabla ya kufunga hakikisheni hakuna mali kauli nje. Mteja wa Tandale akichukua gunia 5 anasema Ijumaa, hiyo Ijumaa unaweza kuisubiri mpaka Idi. Mkigawana kabla hajalipa, andikeni nani anafuatilia hilo deni na likiingia linagawanywa vipi.

Duka_la_Kona:
Mali kauli hakuna, nilikataa kabisa mara hii.

Wakuu nimempigia. Nilianza na kuomba radhi ya ile meseji, akanyamaza kidogo akasema "kaka mimi nilikuwa sijalala". Nimemsomea kurasa zote 3 kwa simu, anaandika kule. Tulipofika kwenye gunia 10 akasema yeye alishazisahau kabisa, angekubali hata ile 12,675,000 na asingejua.

Kuhusu 150 au 190 bado, yeye anasema 190, mimi baada ya kusoma hapa sina nguvu ya kubisha sana ila nimemuomba tuangalie na hela ya stoo aliyolipia, maana kwenye ile 1,200,000 kuna stoo ya siku 9 na nahisi na gunia zake zilikaa humo. Anaangalia risiti.

Jumatatu anapanda basi kuja, Jumatano asubuhi tunaingia benki tunatoa 28,950,000. Laki 4 zinabaki.

Mama_Chapati_Moro:
Akipita Moro mwambie ashuke ale.

Bi_Hesabu:
Hilo la stoo umeliona vizuri kaka. Kama gunia 20 zake zilikaa stoo kwa hela ya mradi kabla hazijawa za mradi, hiyo sehemu ni yake, inaandikwa kwenye ukurasa wake. Tarehe ya risiti itasema. Ukiipata iweke hapa.